Nimerukwa kwenye kupandishwa cheo kiwandani Mtwara. Naomba mnikosoe barua hii kabla sijaipeleka Jumatatu

BintiMikindani (Ijumaa, 16 Agosti 2024)

Habari zenu wana jukwaa. Nafanya kazi kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, kampuni binafsi. Jina naomba nisilitaje. Niliajiriwa 2019 kwenye meza za kupanga madaraja, na tangu 2021 ni msaidizi wa msimamizi wa kitengo. Msimamizi wetu alipoondoka Januari mwaka huu nikaendesha kitengo mpaka Juni bila barua ya kukaimu.

Tarehe 3 Juni tangazo la nafasi likabandikwa ubaoni. Masharti yalikuwa matatu: kidato cha nne, miaka mitatu kwenye kitengo, na wastani wa tathmini mbili za mwisho usipungue 70. Tukaomba wanne, tukafanyiwa usaili tarehe 19 Juni. Tarehe 8 Julai likatoka tangazo kwamba amechaguliwa kaka mmoja wa idara ya kufungasha. Mimi sikupewa barua wala sababu. Mjumbe mmoja wa jopo aliniambia tu mlangoni kwamba "wastani wako umetoka 41, tungefanyaje".

Barua niliyoandika ni kurasa tatu, kwa hiyo naweka mwisho wake tu:

"Kwa kuwa nimedhalilishwa na kwa kuwa uongozi una upendeleo wa wazi, naomba (1) nipewe cheo hicho mara moja, (2) aliyechaguliwa arudishwe kufungasha, (3) nilipwe fidia ya usumbufu na tofauti ya mshahara tangu Januari, na (4) niombwe radhi mbele ya wafanyakazi wote."

Nimekosea wapi?

---

Msangamkuu

Pole dada. Mimi ningeongeza la tano, jopo lote livunjwe. Korosho zikianza kuingia Oktoba watakutafuta wenyewe, maana anayejua kutofautisha daraja la W240 na la W320 kwa jicho bila kuhesabu ni nani kama siyo wewe?

---

WakiliMtaani

Dada umechelewa. Mgogoro wa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kutoka 8 Julai mpaka leo ni siku 39, zimeshapita. Ila una karata nyingine: umekaimu miezi zaidi ya mitano. Kisheria ukikaimu miezi sita cheo ni chako. Dai hapo.

---

TichaNachingwea

Nami nina jambo kama hilo. Nilistahili kupanda daraja zamani, uhakiki wa vyeti wa 2016 ukasimamisha kila kitu, wenzangu wakapata mserereko mimi jina halikutoka. Je, na mimi niandike barua kama hii kwa mkurugenzi wa halmashauri? Naona mada inanihusu.

---

MzeeWaMajalada

Nimesoma. Nilikuwa afisa utumishi miaka 26, kwanza serikalini halafu kampuni mbili binafsi huku kusini. Nianze na WakiliMtaani maana dada asije akakata tamaa bure.

Siku 30 ni za aliyeachishwa kazi. Migogoro mingine ni siku 60 tangu siku mgogoro ulipotokea. Zipo kwenye Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007. Kwa hesabu yangu, kuanzia 8 Julai siku ya 60 inaangukia 6 Septemba. Umebakiwa na wiki tatu.

La kukaimu si hivyo ulivyosema. Hata serikalini, miezi sita ni ukomo wa mtu kukaa akikaimu. Haimaanishi kwamba ikitimia cheo kinageuka chake. Na kwenye kampuni binafsi unaangalia mkataba na taratibu za kampuni yenyewe. Hilo lisiingie kwenye barua hata kwa mstari mmoja, kwa sababu atakayejibu atalijibu hilo peke yake, ataliangusha, na mengine yote ataonekana ameyamaliza.

TichaNachingwea, yako ni sheria nyingine kabisa. Wewe ni mtumishi wa umma, unapitia Tume ya Utumishi wa Walimu na ngazi zake kwanza. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinakutaka umalize njia hizo kabla ya kugusa za sheria ya kazi. Fungua uzi wako tuje huko.

Sasa dada. Maombi yako manne nimeyasoma mara mbili. Ungekuwa umeniletea mimi wakati ule ningefanya hivi: la radhi ningelijibu kwa ukali, la fidia ningelipeleka kwa mwanasheria, la kumrudisha mwenzako ningelikataa siku hiyohiyo, na la cheo ningesema uteuzi ni mamlaka ya uongozi. Barua ingekuwa imejibiwa na wewe hujapata kitu. Chagua moja. Chagua lile ambalo kulikataa kutamlazimu aandike sababu.

---

BintiMikindani

Shikamoo mzee. Ahsante. Lakini moja lipi? Ninachotaka ni cheo.

---

UfutaLindi

Tuseme ukweli, hapo kuna undugu. Aliyepita ni wa ukoo wa nani? Huku kwetu Lindi ghala moja lilijaza mashemeji mpaka mlinzi wa geti. Andika hivyo hivyo, watu waogope.

---

MzeeWaMajalada

@BintiMikindani marahaba mwanangu. Hakuna sheria inayokupa cheo. Inayokuhusu ni kupimwa kwa vigezo walivyotangaza wenyewe. Kwa hiyo niambie hiyo 41 imetoka wapi. Tathmini zako mbili za mwisho zilikuwa ngapi?

@UfutaLindi una ushahidi wa undugu au unahisi? Kama unahisi, usimwandikishe mwenzako jambo ambalo kesho ataitiwa kamati ya nidhamu alithibitishe.

---

BintiMikindani

Kampuni yetu hupima mara mbili kwa mwaka. Januari hadi Juni 2023 nilipata 82, nakala ninayo na mkuu wa kitengo, aliye juu ya msimamizi, amesaini. Ya Julai hadi Desemba 2023 haikujazwa, maana Oktoba nilikwenda likizo ya uzazi, 2 Oktoba mpaka 24 Desemba. Niliporudi nilimuuliza mkuu wa kitengo akasema haina shida, tutaanza upya 2024. Ya 2024 ilikuwa bado haijatoka wakati wa usaili. Ya kabla ya hapo, Julai hadi Desemba 2022, ilikuwa 78.

Kwa hiyo hiyo 41 hata mimi sielewi. Sijawahi kupata chini ya 70.

---

DadaChuno

Mimi nakaa kwenye kaunta ya duka la jumla, ya sheria siyajui. Lakini 82 gawanya kwa mbili ni 41.

---

Msangamkuu

Aisee.

---

MzeeWaMajalada

DadaChuno umemaliza kazi.

Wamechukua 82, fomu iliyoachwa wazi wakaihesabu sifuri, wakagawa kwa mbili. Na fomu iliachwa wazi kwa sababu mtu alikuwa amejifungua. Binti, kwenye kurasa zako tatu umeandika "upendeleo" na "kudhalilishwa", na hili hukuligusa. Hili ndilo barua yako.

Nikueleze kwa nini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi katika sera na taratibu za kazi, na kupandishwa cheo na mfumo wa tathmini vyote vimo ndani yake. Ujauzito na majukumu ya familia ni miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Ukishaonyesha kwa mtazamo wa awali kwamba kuna dalili hiyo, kazi ya kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo inahamia kwa mwajiri. Undugu ungelazimika kuuthibitisha wewe. Hapa karatasi zao zinazungumza zenyewe.

---

WakiliMtaani

Nakubali kuhusu siku 60, nilichanganya na kuachishwa. Lakini kwa hili, mzee, kwa nini tuombe kitu kimoja? Huu ni ubaguzi wa wazi. Aandike kichwa cha barua "UBAGUZI DHIDI YA MZAZI", nakala kwa Afisa Kazi wa mkoa, na adai fidia.

---

Kaka_wa_Zamu

Naomba kupingana kidogo. Mimi ni msimamizi kwenye kiwanda, siyo hicho. Inawezekana kabisa kwamba 41 ni bahati ya namba tu, kwamba walichanganya na alama za usaili. Na kuna sababu nyingine ambayo viongozi hawaisemi: msimu ukikolea msimamizi wa kupanga madaraja anazunguka zamu ya usiku. Wakiona mama ana mtoto mchanga wanamkwepa. Nimekaa vikao vya namna hiyo, sijivunii.

---

DadaChuno

Hiyo ya usiku ndiyo mbaya zaidi kuliko ya 41.

---

MzeeWaMajalada

Kaka_wa_Zamu umesema kweli, na nakushukuru kwa kuisema. Sheria ileile inakataza mama aliyejifungua kufanyishwa kazi usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua, na usiku wenyewe ni saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa Oktoba, usaili wa Juni. Muda huo ulikuwa umepita zamani. Kwa hiyo kama sababu ilikuwa zamu ya usiku, walipaswa kumuuliza. Binti, waliuliza?

---

BintiMikindani

Mtoto alizaliwa tarehe 5 Oktoba. Kwenye usaili, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza "mtoto unamwachia nani usiku", nikajibu mama yangu anakaa nami Mikindani. Swali likaishia hapo. Sikulichukulia kama kitu.

---

UfutaLindi

Hapo sasa! Weka na hilo.

---

MzeeWaMajalada

Nisingeliweka. Ni neno lake dhidi ya jopo zima, na likikanushwa litatia doa kwenye hesabu ambayo haikanushiki. Aliandike pembeni, kwenye daftari lake, tarehe, nani aliuliza, nani walikuwepo. Likifika kwenye Tume ya Usuluhishi litakuwa na mahali pake. Barua ya kwanza ibebe kile ambacho kila mtu mezani anaweza kukiona kwa macho.

Na jibu kwa WakiliMtaani. Neno ubaguzi ni tuhuma. Akilitumia kwenye kichwa, barua itahama kutoka kwa afisa utumishi kwenda kwa mwanasheria wa kampuni, na siku 21 zitaliwa na mawasiliano. Akieleza tarehe za likizo na fomu tupu, msomaji atalifikia neno hilo mwenyewe. Fidia na mengine hayapotei, yataombwa kwenye fomu namba 1 ya Tume ikibidi.

---

WakiliMtaani

Sikubaliani. Usipoutaja ubaguzi mapema watasema baadaye umeutunga. Nimeona hivyo kwa shemeji yangu.

---

MzeeWaMajalada

Hoja yako ina uzito, sitaipuuza. Achukue ya katikati: ataje likizo ya uzazi waziwazi kwenye barua kama chanzo cha fomu kuachwa wazi. Jambo litakuwa kwenye maandishi, neno halijatumika.

---

BintiMikindani (Jumamosi, 17 Agosti)

Nimekaa usiku nimeandika upya. Imekuwa nusu ukurasa:

"Mkuu wa Idara ya Utumishi,
KUPITIA: Mkuu wa Kitengo cha Kupanga Madaraja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WASTANI WA TATHMINI ULIOTUMIKA KATIKA MAOMBI YANGU YA NAFASI YA MSIMAMIZI WA KITENGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliomba nafasi iliyotangazwa tarehe 3 Juni 2024 na nikafanyiwa usaili tarehe 19 Juni 2024. Tarehe 8 Julai 2024 ilitangazwa kwamba amechaguliwa mwombaji mwingine. Nimeelezwa kwa mdomo na mjumbe wa jopo kwamba wastani wangu ulikuwa 41, ambao uko chini ya 70 iliyotakiwa.

Tathmini yangu ya Januari hadi Juni 2023 ni 82 (nakala imeambatishwa). Tathmini ya Julai hadi Desemba 2023 haikujazwa. Katika kipindi hicho nilikuwa kazini kuanzia 1 Julai hadi 1 Oktoba, na kuanzia 2 Oktoba hadi 24 Desemba nilikuwa likizo ya uzazi iliyoidhinishwa (barua imeambatishwa). Wastani wa 41 unapatikana iwapo tathmini isiyojazwa itahesabiwa kuwa sifuri.

Ninaomba jambo moja: tathmini yangu ya miezi mitatu niliyokuwa kazini, Julai hadi Septemba 2023, ijazwe, na maombi yangu yapimwe upya na jopo kwa vigezo vilivyotangazwa.

Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Agosti 2024."

---

DadaChuno

Nimeisoma kwa sauti, nimeielewa yote. Ile ya kwanza nilikuwa nakuonea huruma, hii naiona hesabu.

---

Kaka_wa_Zamu

Ni nzuri lakini ina shimo. Anayejaza hiyo tathmini ni mkuu wa kitengo yuleyule aliyeiacha wazi. Akiamua kukupa 50? Wastani unakuwa 66, hujapita, na safari hii hesabu yao ni safi. Bora uombe watumie ile 78 ya nyuma. 82 na 78 ni 80.

---

MzeeWaMajalada

Swali zuri sana, na sina jibu la uhakika. Kuna mawili. Tangazo linasema "tathmini mbili za mwisho". Ukisoma kwamba ni mbili za mwisho zilizofanyika, basi ni 82 na 78, wala hakuna haja ya kujaza kitu. Usomaji huo ni wa haki na hauhitaji hisani ya mtu. Lakini wanaweza kusema 2022 ni mbali. Kwa upande mwingine, kuomba fomu ijazwe ni kuomba wajibu ambao kampuni haikuutimiza, na kulikataa hilo ni kugumu zaidi.

Mimi ningechukua 78, maana nambari ipo na imesainiwa. Lakini sitamlaumu atakayebaki na la kwanza.

---

WakiliMtaani

Hapa niko na mzee.

---

Msangamkuu

Leo jua limetokea magharibi, WakiliMtaani na mzee wamekubaliana.

---

UfutaLindi

Na hiyo "KUPITIA"? Unampitishia barua mtu unayemlalamikia. Ataikalia mpaka msimu uishe.

---

MzeeWaMajalada

Utaratibu uheshimiwe, lakini asitegemee mtu mmoja. Chapa nakala tatu. Moja mpe mkuu wa kitengo asaini kwenye daftari la dispachi. Ya pili peleka masijala ya utumishi siku hiyohiyo. Ya tatu ni yako, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, andika nyuma saa, tarehe na jina la aliyekataa. Nakala kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi kama una kadi. Afisa Kazi muache kwanza.

Na hili naomba ulishike kuliko yote: kuandika barua hakusimamishi siku 60. Watu wengi huanguka hapo. Wanaandika, wanaambiwa "tunalifanyia kazi", wanasubiri kwa adabu, siku ya 70 wanakwenda ofisi ya Tume pale Mtwara wanaambiwa waombe kwanza kuongezewa muda na waeleze kwa nini walichelewa. "Nilikuwa nasubiri jibu la bosi" si lazima ikubaliwe. Kwa hiyo tarehe 30 Agosti wakiwa kimya, wiki inayofuata unajaza fomu, unampa mwajiri nakala, unaipeleka. Usifike Ijumaa ya tarehe 6.

---

TichaNachingwea

Mzee samahani, nimefungua uzi kama ulivyosema, hakuna aliyejibu.

---

BintiMikindani (Jumatatu, 19 Agosti)

Nimebadilisha ombi. Sasa linasema: "Ninaomba jambo moja: maombi yangu yapimwe upya na jopo kwa kutumia tathmini zangu mbili za mwisho zilizofanyika, yaani 82 na 78." Nimeambatisha zote mbili.

Mkuu wa kitengo alisaini dispachi bila kusoma, kisha akasoma, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwanza. Nikamjibu nilimwambia Januari. Alikaa kimya, akasema kweli ulisema. Kule utumishi wamegonga muhuri saa nne na dakika kumi. Dada wa masijala alihesabu viambatisho mbele yangu, vitatu, akaandika pembeni.

Nimerudi mezani kwangu. Huyo kaka aliyechaguliwa alikuja kuniuliza unyevu wa mzigo wa jana ulikuwa ngapi, nikampa daftari. Yeye hana kosa.

---

Kaka_wa_Zamu

Hapo kwa mkuu wa kitengo, andika leo leo maneno yake na saa. "Kweli ulisema."

---

BintiMikindani

Nimeshaandika.

---

WakiliMtaani

Bado nasema neno ubaguzi lilitakiwa liwemo.

---

MzeeWaMajalada

Tutajua tarehe 30. Ticha, nakuja kwenye uzi wako, tafuta barua yako ya mwisho ya kupanda daraja uiweke tarehe yake hapo.